Kosa Moja, Alama Tatu

Wiki iliyopita, nikiwa Tanga, mwalimu mwenzangu alinionyesha insha za wanagenzi wake wa Kiswahili kuhusu mashamba ya mkonge. Sentensi mbili zilinisimamisha.

Wa kwanza aliandika: «Mashamba kubwa za mkonge zimeuzwa.» Wino mwekundu ulikuwa umekata maneno matatu, na alama tatu zikaondoka. Wa pili aliandika: «Mashamba makubwa ya mkonge umeuzwa.» Huyu alikatwa neno moja na kupoteza alama moja. Kwa hesabu hiyo, wa pili ni bora mara tatu. Mimi sikubali.

Itazame tena sentensi ya kwanza. Badala ya «mashamba», weka «nyumba», na «mkonge» uwe «mawe»: nyumba kubwa za mawe zimeuzwa. Haina kasoro. Maana yake mwanafunzi huyu anaujua upatanisho barabara. Kivumishi, kihusishi na kitenzi vyote vimeitii nomino. Alichokosea ni kuiweka «mashamba» katika ngeli ya I-ZI, ilhali ni ya LI-YA. Kosa ni moja, nasi tumemtoza mara tatu.

Wa pili anaijua ngeli ya «mashamba», kwani ameandika «makubwa ya». Lakini alipofika kwenye kitenzi, nomino ya karibu, yaani «mkonge», ikamvuta, naye akaandika «umeuzwa» kana kwamba kilichouzwa ni mkonge wenyewe.

Basi tusahihisheje? Zungushia duara nomino inayotawala, kisha chora mstari kutoka hapo hadi kila neno linaloitegemea. Mistari yote ikielekea ngeli moja isiyo sahihi, ondoa alama moja, na pambizoni andika: «shamba limeuzwa, mashamba yameuzwa». Umoja na wingi vikikaa pamoja na kitenzi, mwanafunzi huiona ngeli bila kukariri jedwali. Mstari mmoja tu ukikatika, usimfundishe ngeli upya, muulize: «Kilichouzwa ni nini?» Akijibu «mashamba», mwache akirekebishe kitenzi mwenyewe.

Sentensi moja, hata hivyo, haitoshi kuhukumu. Mpe nomino ileile katika sentensi nyingine, mara hii katika umoja. Akiandika «shamba kubwa imeuzwa», umethibitisha kwamba ameiweka katika I-ZI. Akiandika «shamba kubwa limeuzwa», ngeli anaijua katika umoja, na kinachomshinda ni wingi wake tu.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kulegeza lugha, hasa sisi wa pwani tunaojiona wenye Kiswahili. La hasha. Sentensi zote mbili zinabaki na kosa, na kosa linasahihishwa. Ninachokataa ni alama zinazomwambia mwanafunzi kwamba hajui kile hasa anachokijua. Atakayeambiwa hivyo ataacha kuandika sentensi ndefu, kwa sababu kila neno la ziada litakuwa faini ya ziada.

Mwalimu mwenzangu alizirudia insha zake jioni ile. Wanafunzi wale wawili walitoka sare.