Mbuzi ya Nazi Siyo Mbuzi wa Supu, Jamani!

Kuna kaka mmoja mjini Zanzibar, jina kapuni, anafundisha watalii kupika mchuzi wa samaki wa nazi. Mkono wake mtamu, hilo halina ubishi. Shida ni tafsiri.

Akishika mbuzi, anaitaja kwa Kiingereza kama yule mnyama. Watalii wanacheka, ila hakuna anayeelewa kuwa ni kigoda chenye chuma cha meno, unakikalia halafu unakuna nazi. Angesema tu hivyo, ingetosha.

Kwenye tui ndo balaa. Yeye anasema "maziwa ya nazi" mwanzo mpaka mwisho, kama vile ni kitu kimoja. Wakati nazi iliyokunwa ikitiwa maji ya vuguvugu kidogo na kukamuliwa kwa kifumbu, linatoka tui zito. Machicha yale yale yakitiwa maji tena, linatoka tui jepesi. Jepesi ndilo linalotangulia jikoni. Zito linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga taratibu, likianza kuchemka unaepua.

Sasa mgeni aliyeandika "maziwa" tu, akifika kwao atamimina lile zito mapema kwenye moto mkali. Tui litakatika, mafuta yaelee juu na chengachenga zibaki chini. Lawama zote kwa mapishi ya Zanzibar!

Kaka, weka bakuli mbili mezani. Sema tui la kwanza, tui la pili, na lipi linaanza kuingia sufuriani. Au mnasemaje wadau?