Ithibati ya Karatasi na Ithibati ya Ukweli

Tumezoea kuuliza kama makala fulani "imechapishwa", kana kwamba neno hilo peke yake ni ushahidi. Kwa maoni yangu, swali la haki ni hili: nani aliisoma kabla haijachapishwa, naye aliuliza nini?

Mwaka 2013 mwandishi wa sayansi John Bohannon alifanya jaribio lililotangazwa katika jarida la Science. Alitunga makala bandia kuhusu kiini cha dawa kinachozuia ukuaji wa seli za saratani, akayapa matoleo yake majina ya watafiti wa Kiafrika wasiokuwapo, wa vyuo visivyokuwapo. Kosa lilikuwa wazi: dawa iliyeyushwa katika kimiminika chenye kileo, lakini seli za kulinganishia hazikupewa kimiminika hicho. Haikuwezekana kujua kama kilichozuia seli ni dawa au ni kileo. Makala hayo yalipelekwa kwa majarida 304. Majarida 157 yaliyakubali. 98 tu yaliyakataa.

Jaribio hilo linatuonyesha dalili za kutazama. Barua ya kukubali makala inapokuja bila hoja hata moja juu ya njia ya utafiti, ikiambatana na madai ya ada, hapo hapakuwa na msomaji. Jina linalotaja Marekani au Ulaya lisikutoshe, maana baadhi ya majarida hayo yaliendeshwa kutoka mbali kabisa na nchi yaliyojipachika. Waandikie wahariri walioorodheshwa. Wengine hawajui kuwa wameorodheshwa. Namba ya ISSN nayo hutambulisha jarida tu, haithibitishi ubora wake. Hata orodha ya DOAJ haikuwa kinga: baadhi ya majarida yaliyonaswa yalikuwamo, na baadaye orodha hiyo ikakaza masharti yake. Wala ada si dhambi yenyewe, kwani majarida mengi ya heshima huitoza.

Andiko la awali, lile linalowekwa mtandaoni kabla ya mapitio, ni jambo jingine. Halidanganyi, mradi linasema wazi kuwa halijapitiwa. Hatari ni msomaji anayesahau onyo hilo. Novemba 2020 andiko la namna hiyo kutoka Misri, kwenye tovuti ya Research Square, lilidai kuwa dawa ya ivermectin inapunguza mno vifo vya UVIKO-19. Liliingizwa katika chambuzi zilizojumlisha tafiti nyingi. Ni mwanafunzi wa uzamili mjini London aliyezikagua takwimu zake na kukuta, miongoni mwa mengine, wagonjwa waliorekodiwa kufa kabla utafiti haujaanza. Liliondolewa Julai 2021.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayenukuu andiko la awali katika waraka wa sera aandike tarehe na toleo lake, kisha alitazame tena kabla ya kutia saini. Na kamati zetu za kupandisha vyeo, zinazohesabu makala bila kuyafungua, zijue kuwa ndizo soko la majarida laghai.