Yakobo si mdanganyifu: maana ya jina haikai katika mzizi peke yake

Mdogo wangu anaitwa Jacques kwenye kadi ya uchaguzi na Yakobo nyumbani. Mwezi uliopita alirudi kutoka kikundi cha maombi akiwa kimya. Mtumishi mmoja alikuwa amesimama mbele na karatasi ya majina, akawasomea vijana maana ya jina la kila mmoja. Alipofika kwake akasema: «Yakobo, maana yake mudanganyifu. Ndugu, jina yako njo inakufunga. Badilisha, ujiite Israeli.» Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: kiti cha pili kutoka kwake alikaa kijana aitwaye James, na huyo hakuambiwa kitu. Kwenye karatasi James ilikuwa na mstari wake mbali, bila laana yoyote. Kumbe ni jina lile lile.

Mimi nasoma lugha za Kiafrika, si teolojia, na sina haja ya kugombana na maombi ya mtu. Lakini karatasi ile inatumia hoja ya kiisimu. Inasema: neno hili la Kiebrania lina mzizi huu, mzizi una maana hii, kwa hiyo wewe ni hivi. Hoja ya kiisimu inapimwa kiisimu, na kwa jina la Yakobo haisimami hata hatua moja.

Tuanze na mzizi. Konsonanti tatu za jina ni ʿayin, qof na bet. Kwa Kiebrania zinatoa neno la kisigino, na kwa Kiarabu vilevile. Kutoka kisigino maana inakwenda njia nyingi. Mtu anayefuata visigino vya mwenzake anakuja nyuma yake. Ndiyo maana Kiarabu kina kitenzi cha kufuata na neno la matokeo, yaani kinachokuja baada ya tendo. Anayemshika mwenzake kisigino anaweza kumwangusha. Ndiyo maana Kiebrania kina kitenzi cha kupunja kwa hila. Na Kigeʿezi, lugha ya kale ya Ethiopia iliyo ndugu wa hizo mbili, kina kitenzi ʿaqaba, kulinda. Kwenye jumba la wafalme wa Ethiopia kulikuwa na cheo cha mlinzi wa saa kilichojengwa na mzizi huo huo. Sisi wenyewe tuna mtoto wa mzizi huu mdomoni kila siku: neno akiba, lililotujia kutoka Kiarabu, ni kile kinachobaki nyuma kwa ajili ya kesho. Sasa nauliza: kwa nini mwenye jina arithi hila peke yake, asirithi ulinzi wala akiba?

Mtu atajibu kwamba Biblia yenyewe imechagua. Hoja hiyo ni nzito kuliko karatasi, basi tuifungue. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza jina hili mara mbili. Katika sura ya 25 mapacha wanazaliwa, wa pili anatoka ameshika kisigino cha Esau, naye anapewa jina kwa sababu hiyo. Hapo hakuna hila. Kuna mtoto aliyekuja nyuma. Katika sura ya 27 Esau, baada ya kunyang'anywa baraka, analia kwa uchungu kwamba ndugu yake ameitwa hivyo kwa haki, maana amempunja mara mbili. Maana ya mdanganyifu inatoka hapo, na anayeisema ni mtu mwenye hasira, anayelichezea jina la ndugu yake ili limchome. Nabii Yeremia na nabii Hosea wanauchezea mzizi huo tena. Ni ufundi wa maneno, nao ni mzuri, lakini mchezo wa maneno si kamusi. Mtu akimwambia Baraka kwamba leo ametuletea laana, jina la Baraka halijabadilika maana.

Hapa kwetu Waluba wana majina ya mapacha, Mbuyi kwa wa kwanza na Kabanga kwa wa pili. Hakuna anayemwambia Kabanga kwamba jina lake la kuja nyuma limemfunga asitangulie maishani. Tunajua jina linasema alivyozaliwa, basi.

Hatua ya tatu ndiyo inayonipendeza kama mwanafunzi wa sarufi. Jina Yaʿaqov si nomino. Ile ya- ya mwanzo ni kiambishi cha nafsi ya tatu, kinachofanya kazi kama a- yetu ya «analinda». Jina ni kitenzi kizima, na kitenzi kinamtaka mtenda. Majina mengi ya aina hiyo yana mtenda wazi mwishoni: Ishmaeli, Mungu anasikia. Wataalamu wengi wanaona kwamba Yaʿaqov nalo ni kifupi cha sentensi iliyomalizika na -el, yaani Mungu. Si kubahatisha tu, kwa sababu jina refu limeonekana nje ya Biblia. Vibao vya udongo vya kaskazini mwa Mesopotamia, vya karne ya 18 kabla ya Kristo, vina watu wenye jina la mfano wa Yaʿqub-ila, na mihuri ya wakati wa Wahiksosi huko Misri na Kanaani ina mtawala aitwaye Yaqub-Har. Hakuna mzazi anayemwita mtoto «Mungu adanganye». Maana inayokubaliwa na wengi ni «Mungu alinde», karibu kabisa na kile kitenzi cha Kigeʿezi.

Wasomaji kutoka Kivu hawana shida kuelewa. Hakizimana ni sentensi, Mungu ndiye anayeponya. Ukikata Imana, unabaki na kitenzi kisicho na mwenyewe, na baada ya vizazi kadhaa mtu anaweza kulitafutia kipande hicho hadithi mpya kwa kufuata sauti yake. Ndivyo ilivyotokea kwa Yakobo: mlinzi alisahaulika, kisigino kikabaki. Hata Israeli, jina analoambiwa mdogo wangu akimbilie, lina hali hiyo hiyo. Mwanzo sura ya 32 inalieleza kwa mtu aliyeshindana na Mungu, lakini kwa sarufi ya majina yenye -el ni Mungu anayetenda, si mtu. Tena baada ya kupewa jina hilo jipya, kitabu kinaendelea kumwita Yakobo ukurasa baada ya ukurasa.

Jina lilifikaje kwa James, aliyekaa salama kwenye kiti chake? Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walimwandika mzee wa Mwanzo Iakōb, bila mwisho wa Kigiriki. Lakini watu wa kawaida walioitwa hivyo karne ya kwanza walipewa mwisho ili jina linyambulike: Iakōbos. Hapo ndipo jina lilipokatika vipande viwili. Kilatini kikafuata, Iacob kwa mzee na Iacobus kwa mtume. Iacobus ilikuwa na mkazo mwanzoni, kwa hiyo silabi za nyuma zikadhoofika. Huko Ufaransa irabu ya katikati na b vikaanguka, ikawa Jacques. Ile s ya mwisho tunayoiandika bila kuitamka ni mabaki ya -us ya Kilatini. Njia nyingine ilipita Iacomus, b imegeuka m kwa kuwa zote mbili hutamkwa kwa midomo, ikazaa Giacomo ya Waitalia na James ya Waingereza. Na maana ikahama tena bila kumuuliza Mwebrania yeyote. Kwa Wafaransa Jacques lilikuwa jina la dharau la mkulima, hata uasi wa wakulima wa mwaka 1358 ukaitwa Jacquerie. Inaelekea vazi fupi la wakulima hao ndilo lililotupa neno jaketi.

Kiswahili hakikukata. Katika Biblia yetu mzee wa Mwanzo ni Yakobo, mtume ni Yakobo, na waraka ni wa Yakobo. Mfaransa anasoma Jacob na Jacques akidhani ni watu wa majina mbalimbali. Msomaji wa Kiswahili anaona wazi kwamba wazazi wa Kiyahudi waliendelea kuwapa watoto wao jina hilo kwa fahari. Wangelipenda hivyo kama wangelisikia kama tusi? Na Waislamu wetu wa Kasongo wana Yakubu, lililopita njia ya Kiarabu. Kwao ni jina la nabii.

Sisemi kwamba mtu hana haki ya kubadili jina lake. Nchi hii imeonja kinyume chake: mwaka 1972 serikali iliamuru majina ya ubatizo yaachwe, na babu yetu, aliyebatizwa Yakobo, alilifuta kwenye karatasi zake zote. Alikufa kabla hajalirudisha. Mdogo wangu alipozaliwa, bibi, tunayemwita kambo kama wengine wote hapa Lubumbashi, ndiye aliyelichagua. Jioni ile nilipomwambia yaliyotokea kwenye maombi, aliacha kuchambua sombe akasema: «Ile jina njo ya bwana yangu. Tulimupa mutoto juu isipotee.»

Hiyo ndiyo maana ya jina la mdogo wangu, na hakuna mzizi unaoweza kuitoa. Mzizi unasema jina lilitoka wapi, na hadithi inasema mwandishi alilitumiaje. Lakini mtu aliyelitoa ndiye anayejua alilitoa kwa nini, na huyo karatasi zetu za majina hazimwulizi kamwe. Lawama nyingine ni yetu. Karatasi ile iliandikwa na mtu aliyepita darasani, pengine katika fakulti kama hii, akakumbuka kwamba maneno yana mizizi, akasahau mengine yote.

Mdogo wangu bado hajaamua. Amesema atarudi kwenye kikundi Jumapili, na kwamba kwanza atamweleza James wanaitwa jina moja.