Maji ya Mwisho Ndiyo Yanayoingia Sahanini

Leo twende Diani, katika jiko moja ambako kachumbari na saladi huandaliwa kila siku kwa watu wapatao 60. Nilialikwa humo na mpishi mkuu, mama wa makamo kutoka Msambweni, ambaye aliniambia, "Mwanangu, kaa hapo uangalie nikiosha, kisha uniambie nimekosea wapi."

Alianza vizuri. Majani ya letasi aliyatenganisha moja moja, akayaosha kwa maji yanayotiririka hadi mchanga ukaisha. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Klorini hushambulia uchafu wowote inaoukutana nao, na ikikutana na tope humalizikia hapo hapo kabla haijafikia viini. Isitoshe, mayai ya minyoo na vifuko vya amiba haviuawi na klorini ya kiasi cha jikoni. Hivyo huondolewa kwa maji na vidole tu.

Kisha akatengeneza dawa. Alichukua ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 3.5. Katika lita 10 za maji safi alitia vijiko viwili vikubwa vya kupimia, yaani mililita 30. Tupige hesabu, msomaji. Asilimia 3.5 ni miligramu 35 za klorini katika kila mililita. Mara 30, unapata miligramu 1,050. Gawanya kwa lita 10, na kila lita ina miligramu 105, kiasi kinachotosha mboga. Chupa yako ikiwa ya asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Kwa hiyo usome chupa kwanza, wala usimimine kwa kukisia.

Mboga zilizama zote kwa dakika 5, saa ikiwa ukutani. Alikuwa na vikaratasi vya kupimia klorini, ambavyo rangi yake hulinganishwa na ile iliyo kwenye kasha. Baada ya mafungu matatu maji yalikuwa yamevurugika, na karatasi ikaonyesha kwamba dawa imepungua mno. Akayamwaga, akatengeneza mengine. Harufu haikumdanganya, maana maji yaweza kunukia dawa na bado yakawa yamechoka.

Mpaka hapo sikuwa na la kusema. Lakini bomba lilikuwa kavu siku hiyo. Maji ya bomba ya Ukunda na Diani hutoka kwenye visima virefu vya Tiwi, na yakikatika watu hukimbilia visima vya karibu. Mama yule akatwaa karai la maji ya kisima cha nyuma ya nyumba na kusuuza humo letasi yake yote.

Maji yale yalikuwa maangavu kama kioo. Lakini ardhi ya huku, msomaji, ni mawe ya matumbawe yenye matundu na nyufa. Maji ya choo cha jirani hupenya upesi hadi kisimani bila kuchujwa na udongo. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi wala ladha. Letasi iliyokwisha kusafishwa ikapakwa upya kile kilichokuwamo kisimani, na saladi haipiti motoni ili kosa hilo lisahihishwe.

Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akairudisha letasi yote kwenye dawa. Maji ya kusuuzia yakawa yale yaliyochemshwa na kupoa, kutoka mtungi wa kunywa. Tangu siku hiyo ana pipa lenye koki kwa kazi hiyo peke yake. Maji yake huchemshwa, au hutiwa dawa ya maji ya kunywa kwa kipimo cha kwenye chupa na kuachwa kwa muda ulioandikwa. Koki inafaa kuliko karai, kwani hakuna mkono unaozama ndani.

Tikitimaji na maembe pia huoshwa kabla ya kukatwa, ingawa ganda hatuli, kwa sababu kisu hubeba kilicho juu ya ganda hadi ndani ya nyama ya tunda.

Maji ya chumvi, je? Huwatoa wadudu majanini, lakini hayatoshi kuua viini hivi. Na siki au ndimu usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, maana hutoa hewa ya sumu inayobana kifua.

Hata ukifuata haya yote, viini hupungua sana lakini haviishi kabisa. Kachumbari ya mchana isingoje jioni mezani katika joto la Pwani. Na kabla ya kuipakua, jiulize: maji ya mwisho yaliyoigusa, ningeyanywa? Kama hungeyanywa, usiipakue.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.