Maoni Yetu: Jibu polo, usijibu tusi

Ujumbe huingia asubuhi, watu wengi wakiwa bado hawajanywa chai. "Assalamu alaykum jamani. Wenye nyumba ya wageni hapa uchochoroni hebu waone haya. Kila siku mapolo yao ya taka yako nje, yananuka, mtaa umegeuka jaa. Hawajali, wao wanatazama fedha tu." Mwandishi ni bibi wa nyumba ya pili. Kundi lina wakaazi themanini wa mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, na wote wanangoja kuona mwenye nyumba ya wageni atasema nini.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini hakuna mkaazi wa Shangani, Kiponda au Malindi atakayekiona kigeni. Maoni yetu ni kwamba ugomvi mwingi wa aina hii hautokani na taka. Unatokana na jibu la kwanza.

Tuusome ujumbe wa bibi yule polepole. Ndani yake mna mambo matatu. La kwanza ni habari: kuna mapolo nje na yananuka. La pili limetiwa chumvi: "kila siku". La tatu ni shutuma: hawana haya, hawajali. Mtu akiwa na hasira macho yake huenda moja kwa moja kwenye la tatu, na hapo ndipo jibu linapoharibika. "Mimi si wa kuambiwa sina haya. Mbona mjukuu wako anafungua muziki mpaka usiku wa manane, hatusemi?" Jioni kundi lina ujumbe hamsini, pande mbili zimeshajipanga, habari za mjukuu zimechimbuliwa, na mapolo bado yako pale pale.

Kanuni yetu ni fupi: jibu habari, liache tusi lipite, na chumvi isahihishe baadaye kama ina haja ya kusahihishwa.

Lakini habari huwezi kuijibu kabla hujaiona. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza uwe wa mstari mmoja: "Waalaykum salaam mama yangu. Nimeona, natoka kwenda kuangalia. Nitajibu kabla ya adhuhuri." Mstari huo unafanya kazi mbili. Unamwonyesha aliyelalamika kwamba amesikika, na unakupa wewe nafasi ya kupoa. Kisha toka kweli. Angalia mapolo ni mangapi, yako mlango wa nani, yamechanwa na nini. Muulize mfanyakazi aliyatoa saa ngapi. Waulize wanaokaa barazani kila asubuhi gari la taka lilipita saa ngapi.

Katika kisa chetu mwenye nyumba anagundua hivi. Mapolo ni mawili. Mfanyakazi aliyatoa saa nne usiku, alipomaliza zamu yake. Wazoaji walipita saa mbili asubuhi. Kwa hiyo taka zilikaa nje masaa kumi, na paka wakazianza usiku, kunguru wakazimalizia alfajiri. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu wana kichekesho chao: waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kuusafisha mji. Siku hizi ndio wanaoyatoboa mapolo na kuyasambaza maganda ya embe mpaka mlangoni kwa bibi.

Sasa tatizo lina umbo. Uchafu upo, lakini kilichouleta ni yale masaa kumi. Na masaa hayo yamo mikononi mwa mwenye nyumba. Ndipo anapoandika:

"Waalaykum salaam mama yangu. Nimetoka kuangalia na ni kweli. Jana usiku saa nne mfanyakazi wetu alitoa mapolo mawili, yakachanwa, na taka zikafika mlangoni kwako. Samahani sana, kosa ni letu. Tumeshafagia na kuosha kuanzia kwetu mpaka kwako. Kuanzia leo taka zitalala ndani kwenye pipa la kifuniko, zitatoka saa moja asubuhi. Ukiona polo letu nje usiku, nipigie mimi mwenyewe. Ijumaa nitaandika hapa kueleza imekwendaje."

Jibu hili halikuandikwa kwa maneno matamu, na nguvu yake haiko huko. Tuangalie limefanya nini. Limetaja saa, idadi na mahali, kwa hiyo kila msomaji anajua mwenye nyumba ametoka kweli kuangalia. Limekiri bila ya kuzungusha. Limesema lililokwisha kufanywa, si litakalofanywa tu. Limeweka badiliko moja ambalo jirani yeyote anaweza kulikagua kwa macho yake: saa moja asubuhi si usiku. Masaa kumi ya paka na kunguru yamekuwa lisaa limoja. Mwisho limetoa njia ya kulalamika bila ya kupitia kundini, na siku ya kurudi kutoa hesabu.

Tuangalie pia ambayo halikuyafanya. Halikugusa "waone haya". Halikugusa "kila siku", ingawa pengine ilikuwa mara ya tatu tu kwa mwezi mzima. Kubishana na "kila siku" ni kubishana juu ya hesabu na mtu ambaye ameamka akakuta taka mlangoni. Hata ukishinda, umeshindwa. Na halikusema "samahani kama kuna aliyekwazika". Maneno hayo yamezoeleka mno, lakini hayaombi radhi. Yanamtupia mwenzako kosa la kukwazika.

Jambo jingine ni ahadi. Mwenye nyumba hakuahidi kwamba gari litapita mapema, kwa sababu gari si lake. Uzoaji uko chini ya Baraza la Manispaa, na vichochoro vyetu vingi havipitiki na gari. Taka hukokotwa kwa mkono mpaka barabarani. Aliyeahidi jambo lililo mikononi mwa mwingine atarudi kuomba radhi wiki ijayo, na safari hiyo hatasikilizwa. Maneno kama "tutajitahidi" na "tutalishughulikia" nayo ni mepesi vile vile: hakuna jirani anayeweza kuchungulia dirishani akaona mtu anajitahidi.

Wako watakaosema tunamkuza bibi mmoja na polo lake. Hatudhani hivyo. Taka zilizochanwa mwezi wa nne hazibaki uchochoroni. Masika huzibeba mpaka kwenye mitaro na mitaro ikaziba. Waliokuwepo Unguja mwaka 2016 hawajakisahau kipindupindu. Anayelalamika mapema, hata akilalamika kwa ukali, anaufanyia mtaa kazi.

Kwa kelele mwendo ni ule ule, ila kuna jambo moja la Mji Mkongwe ambalo wanaojibu hulisahau. Kuta zetu za mawe na chokaa ni nene, na mtu akiwa chumbani kwake huamini sauti haitoki. Lakini sauti haipiti ukutani. Inatoka dirishani, inagonga ukuta wa mbele ulio hatua tatu tu, inapanda juu na kuingia kwa jirani wa ghorofa ya pili. Nyumba nyingine zina ua wa ndani ulio wazi juu, nao huipandisha sauti kama bomba. Kwa hiyo mpangaji anayeapa kwamba "muziki wetu ulikuwa mdogo" huenda anasema kweli, na jirani anayesema hakulala naye anasema kweli. Dawa ni kuomba ruhusa ukasimame dirishani kwa aliyelalamika, spika ikiwa imefunguliwa kama jana, usikilize. Kisha jibu: "Nimesikiliza kutoka kwako, ni kweli inasikika. Spika tumeihamisha upande wa pili na tutaizima saa nne." Aliyesikiliza kutoka dirishani kwa mwenzake habishani tena.

Itakuwaje kama lawama si yako? Fanya kazi ile ile, kisha sema ulichokiona na usiongeze: "Nimeangalia saa mbili na nusu. Mapolo matatu ya pembeni si yetu, yetu mawili yametoka saa moja na yameshazolewa. Ya nani sijui. Kwa leo nimeyasogeza mbali na mlango wako." Hapo kuna kishawishi kikubwa cha kumtaja unayemshuku. Usimtaje. Ukimtaja na ukakosea umefungua ugomvi wa pili, na ukipatia umemwaibisha mtu mbele ya watu themanini kwa jambo ambalo kugonga mlango wake kungelimaliza. Picha za mlango wake, watoto wake au mfanyakazi wake ni mbaya zaidi, kwa sababu picha haikai kundini. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inagusa habari za uongo na unyanyasaji wa kutumia simu. "Nilikuwa nimekasirika" si utetezi. Ujumbe wa sauti nao uuepuke siku hiyo. Hasira unayodhani umeificha kwenye maneno husikika kwenye pumzi.

Jibu zuri lina mpaka wake. Kama umejibu kwa saa na kwa vitendo, Ijumaa imepita na mapolo hayajaonekana, na bado unatukanwa, usiandike jibu jingine. Mambo yaliyobaki hayahusu taka tena. Nenda ukapige hodi, ukae barazani naye. Huenda kuna jambo la zamani lililojificha nyuma ya polo. Likishindikana, yupo sheha, na kazi yake ni kusikiliza majirani ana kwa ana. Kwake nenda na yale yale uliyoandika: siku, saa, ulichofanya. Mwenye hoja za namna hiyo hana haja ya kupandisha sauti.

Na kwa anayelalamika tuna neno moja. Bibi wetu angeandika "leo alfajiri kuna mapolo mawili yamechanwa mbele ya mlango wangu, naomba mwenyewe ayaondoe", angepata jibu lile lile mapema zaidi, na mwenye nyumba asingekuwa na tusi la kumeza kabla hajashika ufagio.

Ijumaa yenyewe isisahauliwe. Wengi hujibu vizuri siku ya kwanza kisha hunyamaza, na ukimya huo ndio unaomfanya jirani aandike "kila siku". Mistari miwili inatosha: "Tangu Jumatano taka zimetoka saa moja asubuhi. Jana tulichelewa, zikatoka saa mbili kasoro robo, lakini wazoaji waliziwahi." Kulitaja lile la jana ndiko kutakakomfanya bibi aamini mengine yote.