Ikisiri ya mfugaji wa Soitsambu

Kijana wa kijiji cha Soitsambu anayetaka kuzungumza kwenye kongamano la kisayansi la TAWIRI, taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori, asianze ikisiri yake kwa "nitajadili changamoto za wafugaji". Mwandaaji husoma maombi mengi, na sentensi hiyo haimwambii lolote. Tuseme amehoji kaya za kijijini kuhusu ugonjwa ambao ng'ombe huupata kwa ndama wa nyumbu. Virusi vyake hutoka kwenye makamasi na machozi ya ndama hao. Nyumbu hawaugui, ng'ombe akiugua ni nadra apone. Basi aandike hivi: "Nyumbu wanapozaa, wafugaji huondoa ng'ombe kwenye nyasi bora na kuwapeleka kwenye malisho duni. Nilihoji kaya kadhaa kujua maziwa yanapungua kiasi gani, na nitaonyesha majibu yao." Idadi ya kaya na kiasi cha maziwa aviweke hapo hapo, pamoja na kikomo: ni mahojiano, si vipimo vya damu. Asipokiri hilo, daktari wa mifugo wa kwanza kunyanyua mkono atamuumbua. Sababu ya mada kumfaa msikilizaji ndiyo wengi huiharibu, kwa kuandika tu kwamba mada ni muhimu. Ukumbini wamo watafiti na wahifadhi wanaojua nyumbu wanapita wapi. Awaambie watapata nini: gharama ambayo mfugaji huilipa ili mifugo yake isikutane na nyumbu hao, na miezi ambamo huilipa.