Sukari ya Asubuhi Moja Haitoshi Kutoa Hukumu

Jioni moja jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinijia akiwa na cheti cha maabara mkononi. Huniita daktari, ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, si wa kutibu. Asubuhi ile alikuwa amepimwa damu kabla ya kula, na cheti kilionyesha sukari ya milimoli 6.2 kwa lita. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Imezidi." Mwalimu alikwisha acha ugali na chai ya sukari, na alikuwa amenunua chupa ya dawa ya mizizi sokoni. Aliniuliza kama atawahi kuwaona wajukuu wake.

Mipaka iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani ni hii: kwa mtu aliyefunga usiku kucha, sukari ya 6.1 hadi 6.9 yastahili kuangaliwa, na kuanzia 7.0 ndiyo ya ugonjwa wa kisukari. Mwalimu, basi, aliuvuka mpaka wa kwanza kwa sehemu moja ya kumi tu. Swali la kujiuliza ni hili: je, asubuhi iliyofuata angeuvuka tena?

Mtu anapolala bila kula, sukari iliyomo katika damu yake hutoka zaidi katika ini. Ini huitoa kwa kipimo, likizuiwa na insulini na kuhimizwa na homoni nyingine, kama vile glukagoni na kortisoli. Mizani hiyo haisimami mahali pamoja. Usingizi mbaya, homa ndogo, wasiwasi, chakula cha usiku uliotangulia na idadi ya saa za kufunga, vyote huisogeza. Kwa sababu hiyo, hata mtu mwenye afya njema hupata namba tofauti siku kwa siku. Watafiti waliowapima watu wale wale kwa siku mbalimbali wameona kwamba tofauti hiyo ya kawaida ni kama asilimia 5 hadi 6 juu au chini ya wastani wa mtu mwenyewe. Mashine ya maabara nayo huongeza kosa lake dogo.

Na tufanye hesabu. Tuseme wastani halisi wa mwalimu ni 5.8, yaani chini ya mpaka. Asilimia 6 ya namba hiyo ni karibu 0.35. Katika asubuhi 20, karibu 19 zitaangukia kati ya 5.1 na 6.5. Na asubuhi moja katika kila nane, kwa makadirio, itatoa 6.2 au zaidi, bila ya kitu chochote kuharibika mwilini. Huenda mwalimu alikwenda maabara asubuhi hiyo ya nane.

Hapa ndipo penye mtego. Watu wanane kama yeye wakirudi kupimwa, saba watapata chini ya 6.2 hata wasipofanya lolote. Yule aliyekunywa mizizi atasema mizizi imemponya, na muuzaji atapata shahidi mwaminifu. Kumbe namba imerudi tu karibu na wastani wake.

Lakini haifai kuigeuza hoja hii kuwa kisingizio cha kudharau kipimo. Wastani wa mwalimu ungeweza pia kuwa 6.5, na asubuhi ile ikawa imemwonea huruma. Namba moja haiwezi kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Tena, mtu mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, au aliyepata namba iliyo juu sana, asingoje hesabu zangu. Aende kwa tabibu siku hiyo hiyo. Mama mjamzito naye ana mipaka yake, iliyo chini zaidi.

Kwa asiye na dalili, dawa ya shaka ni kurudia kipimo. Hata ugonjwa wenyewe hautangazwi kwa mtu asiye na dalili mpaka kipimo cha siku nyingine kithibitishe. Nilimshauri mwalimu arudi maabara ile ile, siku mbili tofauti, akiwa amefunga saa zile zile, na bila ya kubadili chakula chake. Alipata 5.6, kisha 5.9. Wastani wa vipimo vyote vitatu ni 5.9. Wastani wa vipimo vitatu huyumba kwa karibu 0.2 tu, badala ya 0.35, kwa hiyo unaaminika zaidi, ijapokuwa upo karibu na mpaka. Tabibu wake alimwambia apime tena mwakani na apunguze uzito kidogo. Ugali amerudia.

Maoni yangu ni kwamba wino ule mwekundu haukuwa na haki ya kuandika neno "Imezidi" peke yake. Penye namba iliyovuka mpaka kidogo, cheti kingeandikwa tarehe ya kupima tena. Kipimo cha pili kina gharama yake, nakiri. Lakini mwalimu alikwisha lipia chupa ya mizizi na usiku kadhaa wa kukosa usingizi, ambao nao, kama tulivyoona, huweza kuipandisha sukari.